Kuhutubia kuhusu maji huku mkalimani ananong'ona

Katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, hotuba kuhusu maji safi ina ugumu wake. Maji ya kisima kirefu huko yanaweza kuwa maangavu kabisa, hayana harufu wala tope, na anayeyanywa leo hataharisha kesho. Lakini visima vingi vina floraidi kupita kiasi. Ni madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ambamo maji hupita chini ya ardhi. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi huja kuota meno yenye madoa ya kahawia. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi na miaka ikiwa mingi, mifupa nayo huharibika: miguu hupinda, mgongo hukakamaa.

Sasa mweke mwenyekiti wa kamati ya maji mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Chini ya mti wako wanakijiji 200 na ushei. Pembeni, kwenye viti vya plastiki, wamekaa wageni 3 wa shirika linalofikiria kusaidia kuvuta maji kutoka chemchemi ya mbali isiyo na floraidi nyingi. Wageni hawajui Kiswahili. Mwenyekiti ana kazi ya kueleza ubaya usioonekana kwa macho, kwa wanaoyanywa maji hayo kila siku na kwa waliokuja na chupa zao. Mikutano ya namna hii nimeikalia mara nyingi kwenye kiti cha mkalimani, na hotuba nitakayoitumia hapa nimeitunga kuwa mfano, isidhaniwe ni ya kijiji fulani.

Uamuzi wa kwanza hauhusu maneno. Ni namna ya kutafsiri. Desturi iliyozoeleka ni msemaji kusema kidogo, akanyamaza, mkalimani akatafsiri kwa sauti mkutano mzima ukisikiliza. Hotuba ya dakika 20 inakuwa ya dakika 40, na katika nusu ya muda huo watu 200 wanaketi kusikiliza lugha isiyowahusu kwa sababu ya watu 3. Ukiangalia nyuma ya mkutano utaona matokeo: akina mama waliokuja na watoto mgongoni wanaanza kuondoka, vijana wanatoa simu. Kwa wageni wachache kiasi hicho, mkalimani akae katikati yao anong'one. Kutafsiri kwa sauti kubaki kwa zamu ya wageni kuzungumza, maana hapo ndipo wenye mkutano wanapohitaji kuelewa. Wageni wakiwa 10 au zaidi kunong'ona hakufai tena, na hapo hotuba yenyewe lazima ikatwe nusu.

Lakini anayenong'ona hubaki nyuma ya msemaji kwa sentensi nzima, wakati mwingine mbili. Anasikia hili huku anasema lile. Kwa hiyo msemaji anatakiwa kutua kila wazo linapokamilika, pumzi mbili hivi, bila kumgeukia mkalimani. Macho yabaki kwa wanakijiji. Kituo hicho hakimsaidii mkalimani peke yake, hata bibi aliyekaa mwisho anapata nafasi ya kumuuliza jirani yake kimesemwa nini.

Mwanzo wa hotuba ndio unaoharibika mara nyingi kuliko sehemu nyingine. Msemaji anamtaja mtendaji, diwani, mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji, viongozi wa dini, wazee wa mila na wageni mmoja mmoja, kisha anarudi kwa aliowasahau. Mkalimani anafuata vyeo ambavyo wageni hawana pa kuviweka. Mwanya wa kutokea tunao wenyewe: itifaki imezingatiwa, shikamooni wazee, karibuni wageni wetu. Baada ya hapo ni maji.

Huu ndio mwanzo ninaoupendekeza:

"Wazee wangu, mama zangu, vijana. Maji ya kisima chetu yamepimwa. Kila lita ina miligramu 4 za floraidi. Inayotakiwa isizidi moja na nusu."

Kituo.

"Maji haya hayaumizi tumbo. Yanaumiza meno ya watoto wetu, na yakizidi yanaumiza mifupa."

Kituo.

"Kuyachemsha hakusaidii. Dawa ya maji haisaidii. Floraidi haifi, kwa sababu haina uhai."

Sentensi hizo za mwisho ndizo zinazostahili muda mrefu kuliko zote. Kwa miaka mingi watu wameambiwa wachemshe maji, na kwa vijidudu ushauri huo ni sahihi. Floraidi ni kinyume. Sufuria inapochemka, maji yanapanda na mvuke, madini yanabaki chini, na kila kikombe kinachobaki kina floraidi nyingi kidogo kuliko kabla. Mwenyekiti akilipita hili haraka, nusu ya mkutano itarudi nyumbani ikiamini kwamba wenzao hawachemshi vya kutosha, na wageni watashangaa kwa nini kijiji kinaomba bomba badala ya majiko.

Kisha zije ndoo. Hapa msemaji anashusha kipaza sauti na kutumia mikono, maana kinachoonekana hakingoji mkalimani. Panga ndoo 4 za lita 20 mbele ya watu, moja ya maji ya kisima na 3 za maji ya chemchemi. Ya kisima ina miligramu 4 kwa lita, za chemchemi tuseme zina nusu miligramu kwa lita. Chota lita moja kutoka kila ndoo uyamimine kwenye beseni moja. Lita ya kisima imeleta 4, lita 3 za chemchemi zimeleta moja na nusu, jumla ni 5.5 ndani ya lita 4. Ukigawa, kila lita sasa ina karibu miligramu 1.4, chini ya kikomo. Ndivyo kisima cha zamani kinavyoweza kuendelea kutumika badala ya kufungwa, mradi kuchanganya kufanyike kwenye tenki na fundi apime mara kwa mara, kwa sababu vipimo vya chanzo hubadilika. Aseme pia wazi kwamba maji ya chemchemi yanahitaji klorini, kwani chemchemi hupitiwa na mifugo na maji ya mvua. Kisima kina madini bila vijidudu, chemchemi huenda ina vijidudu bila madini mengi. Wageni wengi hawaji wakijua kwamba kijiji kimoja kina matatizo hayo mawili kwa pamoja.

Baada ya maonyesho hayo swali gumu litatoka kwa wazee, na msemaji aliyejiandaa hulitangulia. Zamani tuliambiwa maji haya yanafaa, leo mnasema hayafai, nani alitudanganya? Ukweli ni kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, lakini Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 4, kwa sababu maeneo mengi yenye asili ya volkano yasingepata maji yoyote ya kunywa kama kikomo kingekuwa kile. Kisima kilichopita mtihani wa zamani hakikubadilika, mtihani ndio uliokazwa. Hili liambiwe wanakijiji bila kuwaonea haya wageni. Mkalimani aliyeajiriwa na mradi hushawishika kulilainisha, asije akamtia mwajiri wake aibu, na hapo wageni hukosa kuelewa kwa nini watu wamenuna. Ndiyo maana napenda mkalimani atoke nje ya mradi, mwalimu wa sekondari kwa mfano, na atafsiri kwa nafsi ya msemaji: mzee akisema "mlitudanganya", naye aseme hivyohivyo, asiseme "mzee ana wasiwasi kidogo".

Nao wageni wana swali lao, nalo hujirudia: kwa nini msitumie chujio la mkaa wa mifupa? Ni swali la haki. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa joto linalodhibitiwa inakuwa mkaa unaonasa floraidi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo Arusha, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi. Jibu la mwenyekiti liwe fupi na la kweli. Mkaa huo huchoka, na anayeutumia hawezi kujua kwa ladha kwamba umechoka, hivyo bila mtu wa kupima na kubadilisha, familia itaendelea kuchuja maji yasiyochujika. Na wapo wasiokubali kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa bila kujua ni ya mnyama gani. Wageni wakisikia sababu hizo mbili wazi, hawatadhani kijiji kimekataa kwa ukaidi.

Zimebaki hesabu na saa. Mkalimani aliyechoka hupotea hapa kuliko kwenye methali. "Bomba linafunguliwa saa 12 asubuhi" likifika kwa wageni kama lilivyo, wataandika adhuhuri, wakati bomba linafunguliwa alfajiri. "Laki tatu" inamtaka ageuze kichwani kuwa elfu mia tatu wakati sentensi inayofuata imeshaanza. Dawa ni karatasi. Usiku wa kuamkia mkutano, msemaji ampe mkalimani ukurasa mmoja wenye kila tarakimu itakayotajwa, saa zote, majina ya vyanzo, na ombi la mwisho likiwa limeandikwa neno kwa neno. Hotuba nzima haihitajiki. Ukimpa hotuba nzima ataisoma, halafu wewe ukiruka aya mtaachana njiani.

Ombi lenyewe liwe moja. Nimeshasikia hotuba zilizoanza na maji zikaishia kuomba zahanati, barabara na madawati, na mgeni akafunga daftari kwenye madawati. Mwenyekiti wa mfano wetu aseme hivi: "Sisi wanakijiji tutachimba mtaro wote kutoka chemchemi hadi tenki. Tunawaomba wageni wetu mabomba ya kulaza ndani ya mtaro huo, na kifaa cha kupimia floraidi." Aseme "sisi wanakijiji", asiishie kwenye "tutachimba", maana mgeni akiletewa kitenzi kitupu anaweza kujihesabu miongoni mwa wachimbaji au akafikiri serikali ndiyo itakayochimba. Kisha aelekee upande wa wanakijiji, aulize kama ndivyo walivyokubaliana, na angoje wanyooshe mikono. Mikono hiyo haihitaji kutafsiriwa.

Wakati wa maswali, waanze wanaochota maji, ambao kwa kawaida ni wanawake na wasichana, kabla ya watu waliozoea kushika kipaza sauti. Swali lao mara nyingi ni la bei: ndoo itakuwa shilingi ngapi bomba jipya likija? Kama kamati haijapanga, iseme haijapanga. Na kabla ya kufunga, mtendaji asome muhtasari wa yaliyoamuliwa pamoja na tarakimu zake, mkalimani akiwa na ile karatasi mkononi. Akisikia namba isiyolingana na aliyoiwasilisha kwa wageni, anyooshe mkono hapohapo irekebishwe, kabla wageni hawajapanda gari.