Umetumiwa skrinshoti ya ndege za Muscat? Isome hivi kabla hujalipa

Familia nyingi za Pemba zina ndugu Oman, na safari siku hizi huanzia WhatsApp. Ndugu aliyeko Muscat anatafuta ndege, anapiga skrinshoti na kuituma Kengeja: "Chagua basi, nilipe." Macho yanakimbilia bei ya chini. Lakini bei ni sehemu moja tu ya picha hiyo.

Tuchukue mfano wa safari mbili kutoka Zanzibar (ZNZ) kwenda Muscat (MCT). Bei na saa ni za mfano tu, ila mpangilio ndio huu utakaouona:

A: 17:20 – 09:40+1 | 15h 20m | 1 stop DXB | dola 240
B: 14:30 – 00:50+1 | 9h 20m | 1 stop DOH | dola 310

Saa za kwenye skrini si saa zetu

Skrini inahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Kwa saa za mchana na jioni kama hizi, toa sita: 14:30 ni saa 8:30 mchana, 17:20 ni saa 11:20 jioni. Ile 00:50 ni saa 6:50 usiku.

Alama ya +1 maana yake unafika tarehe inayofuata. Ukiondoka Ijumaa kwa safari B, unatua usiku wa kuamkia Jumamosi. Mwambie hivyo anayekuja kukupokea, la sivyo atakwenda uwanjani usiku mmoja baadaye.

Kila saa inayoandikwa ni ya mahali husika, na Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Ndiyo maana ukihesabu A mwenyewe unapata saa 16 na dakika 20, wakati skrini inasema 15h 20m. Ukitaka kulinganisha muda, tazama hiyo "h" na "m", usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika.

Muda unapotelea wapi?

Kote mbili unabadilisha ndege mara moja: DXB ni Dubai, DOH ni Doha. Gusa safari yenyewe uone muda wa kusubiri. Kwenye mfano wetu, A inakukalisha Dubai saa 8 na dakika 40, usiku kucha. B inakusubirisha Doha saa 2 na dakika 10. Muda wa kuwa angani unakaribiana. Tofauti yote iko kwenye kusubiri.

Ukiona maneno "Self transfer", simama kwanza. Hizo ni tiketi mbili tofauti. Mara nyingi utalazimika kuchukua begi lako na kulikabidhi upya, na huenda ukahitaji viza ya nchi ya katikati. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, na hela yake inaweza kupotea.

Begi ndilo linalogeuza bei

Tuseme A inaruhusu begi la mkononi la kilo 7 tu, na B ina kilo 25 ndani ya bei. Wewe una begi la kilo 25, maana huwezi kwenda mikono mitupu. Kwenye A unaongeza, tuseme, dola 80. Sasa A ni dola 320 na B ni 310. Ile "rahisi" imezidi kwa dola 10, na imekula saa 6 zaidi.

Skrinshoti nyingi hazionyeshi hili, kwa hiyo mwombe ndugu yako afungue ukurasa wa mizigo na apige picha nyingine. Begi ulilie wakati wa kukata tiketi. Uwanjani mara nyingi ni ghali zaidi.

Safari inaanzia Kengeja

Skrini inaanza kuhesabu Zanzibar, wewe bado uko Pemba. Ukipanda ndege ndogo kutoka Chake Chake, mara nyingi mzigo unaoruhusiwa ni kilo 15, hata kama tiketi ya Muscat inasema 25. Ukipanda boti Mkoani, angalia ratiba ya siku hiyo, na panga kufika uwanjani saa tatu kabla. Kwa B ya saa 8:30 mchana, hiyo ni saa 5:30 asubuhi. Pengine utalazimika kuvuka siku moja kabla na kulala Unguja. Gharama hiyo nayo iongeze kwenye hesabu.

Kabla ya kusema "lipa"

Skrinshoti ni bei ya dakika ile ilipopigwa. Mwambie ndugu yako afungue upya, ahakikishe tarehe, idadi ya abiria na sarafu, halafu akutumie jumla ya mwisho, begi likiwemo. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha.