Chenga Katika Picha ya Kifua: Modeli ya Mtawanyiko Hufanyaje Kazi?

Mgonjwa wa kikohozi kutoka Keza, wilayani Ngara, akipigwa eksirei kwa mnururisho mdogo mno, picha hutoka na chenga, kama zile za televisheni iliyokosa mawimbi. Kompyuta inayotumia modeli ya mtawanyiko inaweza kuzipunguza. Ajabu ni kwamba ustadi huo hupatikana kwa kuharibu kwanza picha zilizo safi.

Katika utaratibu uliotangazwa na Ho, Jain na Abbeel mwaka 2020, uharibifu huo huenda hatua 1000. Kila hatua hufifisha picha kidogo na kuinyunyizia chenga za kubahatisha, chache mwanzoni, nyingi zaidi mwishoni. Ichukuliwe nukta moja yenye mwanga wa 0.8, katika kipimo cha kuanzia -1 hadi 1. Kufikia hatua ya 500, sehemu yake iliyosalia ni takriban 0.22, ilhali chenga zimetawanyika kwa kiasi cha 0.96. Kwenye hatua ya 1000 husalia kama 0.005 tu, na hakuna jicho liwezalo kutambua ubavu wala moyo. Hapa hakuna kinachofunzwa. Ni hesabu tupu.

Mafunzo huanza pale mtandao wa neva unapopewa picha iliyoharibiwa na kuambiwa ni ya hatua ya ngapi, kisha ukatakiwa kukisia chenga zilizotiwa. Kwa kuwa chenga halisi zinajulikana, kosa hupimwa na mtandao hurekebishwa. Zoezi hilo hurudiwa mara nyingi mno, kwa picha na hatua mbalimbali.

Baada ya hapo safari hugeuzwa. Kompyuta huanza na chenga tupu. Kila hatua hukisia chenga zilizomo, huondoa sehemu ndogo tu, kisha hurudisha chache mpya, isipokuwa katika hatua ya mwisho. Haiziondoi zote kwa mkupuo kwa sababu kisio la mwanzo ni wastani wa vifua vingi, nao ungetoa picha ya ukungu. Kwa kazi ya kusafisha, picha ya mgonjwa huwekwa kando iwe mwongozo katika kila hatua.

Lakini pale mwongozo unapofifia, mtandao hujaza pengo kwa mazoea. Uliofunzwa kwa mapafu yenye afya pekee unaweza kuziba tundu la kifua kikuu kwa pafu safi, tena lenye kupendeza macho. Dalili moja hujitokeza picha ileile inaposafishwa mara kadhaa kwa chenga tofauti za kuanzia: sehemu inayobadilikabadilika ni ya kukisiwa. Hata hivyo, sehemu isiyobadilika nayo yaweza kuwa kosa linalojirudia. Ndiyo maana picha ya awali, pamoja na chenga zake, huhifadhiwa na kusomwa sambamba na iliyosafishwa, na makohozi ya mgonjwa bado hupelekwa maabara.