Kutoka kielelezo hadi tanuri halisi

Wahandisi wa udhibiti husanifu kwanza kidhibiti cha mtambo wa kufikirika, ambao ukubwa wake ni 1 na muda wake ni 1. Tuseme hapo kidhibiti cha PI kimefaa kikiwa na Kp = 3 na Ti = 1.

Sasa chukua tanuri la mikate ambalo kila asilimia 1 ya nguvu ya hita hupandisha joto nyuzi 2, na muda wake ni sekunde 200. Kp hugawanywa kwa 2, ikawa asilimia 1.5 kwa kila nyuzi. Ti huzidishwa kwa 200, ikawa sekunde 200. Ki ni 1.5 ÷ 200, yaani 0.0075.

Wengi hukosea hapa: hugawanya Ki kwa 2 tu, wakasahau muda. Joto litayumba juu na chini kila baada ya sekunde 51 hivi, na kutulia kwa shida.

Hata hesabu ikiwa sahihi, hita haivuki asilimia 100. Ukidai nyuzi 50 kwa mkupuo, kidhibiti kitaomba papo hapo asilimia 75 zaidi. Ikiwa hita tayari iko asilimia 40, kielelezo hakitabiri tena kitakachotokea.