Siku 30 Baada ya Kiharusi

Mwaka 1983, daktari wa upasuaji wa moyo wa Afrika Kusini, Marius Barnard, alisaidia kuanzisha bima ya magonjwa hatari. Alikuwa ameona wagonjwa wake wakipona huku nyumba zao zikifilisika.

Tuchukue mfano wa dereva mwenye bima mbili. Anapata kiharusi Machi 3, na gharama za hospitali zinafika shilingi 400,000. Bima ya kulazwa inailipa hospitali kwa kufuata ankara, basi. Bima ya magonjwa hatari haiulizi ankara: ikithibitika kwamba kiharusi kimeacha madhara yaliyotajwa kwenye mkataba, humpa yeye mwenyewe shilingi 1,000,000 kwa mkupuo, alipie kodi ya nyumba au ada za watoto.

Lakini lazima kwanza anusurike kwa muda uliowekwa, mara nyingi siku 14 hadi 30 tangu ugonjwa uthibitishwe. Mkataba wake ukisema 30, naye akafariki siku ya 21, milioni ile hailipwi, ingawa hospitali italipwa. Familia nyingi huligundua hili msibani, na inaniuma. Pengo hilo huzibwa na bima ya maisha.