Wasifu Mrefu, Ukumbi Umelala

Siku mbili kabla ya semina ya wakulima pale Kibaigwa, wilayani Kongwa, nilitumiwa kwenye simu maneno ya kumtambulisha mtoa mada. Mimi nilikuwa mshereheshaji, na nilitakiwa niyasome tu kama yalivyo. Kwa ufupi yalikuwa hivi:

"Mtoa mada wetu ni msomi mbobezi. Ana shahada ya kwanza ya sayansi ya chakula, shahada ya uzamili na shahada ya uzamivu aliyoipata nje ya nchi. Ni mhadhiri mwandamizi. Ameandika makala zaidi ya 30 katika majarida ya kimataifa, ni mjumbe wa kamati tatu za kitaifa, na amepata tuzo mbili. Leo atazungumzia udhibiti wa sumukuvu katika nafaka."

Nikayasoma yote kwa sauti nyumbani, saa ikiwa mezani. Yalichukua karibu dakika 3. Shangazi yangu, mkulima wa mahindi na karanga, alikuwa pembeni akichambua mchicha. Nilipomaliza akauliza, "Sasa huyo mama anakuja kutufanyia nini?"

Jibu lilikuwemo kwenye karatasi, ila lilikuwa limefukiwa. Mada imetajwa mara moja, mwisho kabisa, tena kwa lugha ya ripoti. Shangazi hana "nafaka" nyumbani. Ana magunia ya mahindi chumbani, na ndiyo ugali wa watoto mpaka msimu ujao. Hakuna sentensi hata moja iliyomgusa yeye na magunia yake.

Si kwamba aliyeyaandika alikuwa mzembe. Alichukua wasifu wa kuombea kazi akauleta ukumbini. Wasifu wa namna hiyo huandikwa kwa mtu anayetaka kujua kama huyu anastahili cheo fulani, na kwake makala 30 ni habari kubwa. Mkulima aliyeacha palizi kuja kukaa kwenye benchi ana maswali mengine mawili: hili jambo linanihusu vipi, na huyu amelijuaje. Utambulisho unaoanza na shahada hujibu nusu ya swali la pili na kuliruka la kwanza. Matokeo utayaona ukiwa jukwaani: simu zinatoka mifukoni, watu wanasalimiana kwa kunong'ona, na mtoa mada akishapewa kipaza sauti hutumia dakika zake za mwanzo kueleza kwa nini mmeitana. Kazi hiyo ilikuwa ya mshereheshaji.

Nikampigia Daktari simu. Nilimuuliza mambo matatu: watu wataondoka wakiweza kufanya nini ambacho jana hawakukiweza, kwa nini waambiwe sasa, na ameyajulia wapi anayoyasema. Sikuuliza vyuo, maana vyuo nilikuwa navyo tayari.

Akanieleza kwa utaratibu. Sumukuvu hutengenezwa na aina fulani za kuvu, na kuvu hao hustawi mahindi yakihifadhiwa kabla hayajakauka vizuri. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na kupika kwa kawaida hakuimalizi. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, yaani mikoa ya hao hao watakaokaa ukumbini na majirani zao. Naye alikuja kuonyesha kipimo cha chumvi: unatia punje za mahindi kwenye chupa kavu, unaongeza chumvi kavu, unatikisa, unaacha itulie, halafu unaangalia. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Kuhusu ameyajulia wapi, alisema jambo ambalo halikuwa popote kwenye ule wasifu: kwa miaka mingi amekuwa akiingia kwenye maghala ya kaya vijijini, akichota mahindi na kuyapeleka maabara.

Nikaandika rasimu, nikamsomea usiku ule ule. Nilikuwa nimesema, "Atatuonyesha namna ya kuyatambua mahindi yenye sumu." Akanikatiza pale pale. "Hapana ndugu yangu, usiseme hivyo. Chumvi inaonyesha unyevu, haionyeshi sumu. Mtu akiona chumvi haikuganda, ataamini mahindi yake ni salama, kumbe yaliingia kuvu tangu shambani." Nilishtuka, kwa sababu sentensi yangu ilikuwa tamu kuliko ya kweli, na ingesikika vizuri sana kwenye kipaza sauti. Tangu siku ile simtambulishi mtu kabla hajanisikiliza nikimsomea ahadi ninayoitoa kwa niaba yake. Hilo nalisisitiza, kwani ukishaacha shahada na kuanza kusema faida, hapo ndipo kishawishi cha kutia chumvi kinapokuja.

Siku ya semina nilisema hivi:

"Wazazi wangu, ndugu zangu, baada ya wiki chache tutakuwa tunajaza magunia. Mwaka 2016, hapa kwetu Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa ndani ya chakula. Haionekani, na kupika hakuimalizi, kwa hiyo nafasi yetu ni kuizuia mapema. Aliyekuja leo ameingia kwenye maghala ya kaya kama zetu kwa miaka mingi, akayapima mahindi yake maabara. Atatuonyesha, kwa chupa na chumvi, namna ya kujua kama mahindi yamekauka vya kutosha kuingia kwenye gunia. Tumkaribishe mtafiti wa usalama wa chakula, Daktari…" na hapo nikalitaja jina lake.

Haikufika dakika moja na nusu. Mpangilio huo si uvumbuzi wangu. Mmarekani Dale Carnegie, aliyefundisha watu kuhutubia, aliupendekeza zamani: kwanza mada, kisha umuhimu wake kwa hawa waliopo, mwisho msemaji. Jina huja mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo ishara ya kupiga makofi. Ukilitaja mwanzo, watu hupiga makofi ungali na maneno mengi mkononi.

Katika sifa zote nilibakiza moja. Niliyapitia yale maneno ya awali nikiuliza kila sifa: inamsaidia Shangazi kuamini hicho hasa atakachoambiwa? Kamati na tuzo zilishindwa. Shahada ya uzamivu ilibaki ndani ya neno "Daktari", ikatosha. Maghala yalipita moja kwa moja.

Mratibu wa semina aliona nimemvunjia mgeni heshima, na hofu yake si ya kupuuza. Kwetu kumtaja mtu kwa vyeo vyake ni adabu. Tulielewana kwa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mgeni rasmi, diwani na wenyeviti wa vijiji walitambulishwa mwanzo, kila mmoja kwa cheo chake na kwa mpangilio wa itifaki. Kumkaribisha mtoa mada ni tendo jingine, na wasifu wake mzima ulichapwa nyuma ya karatasi ya ratiba, makala 30 zikiwemo. Maofisa ugani wawili niliwaona wakiupiga picha.

Wao walikuwa na sababu. Ingekuwa ni kikao cha wataalamu wenzake wanaotaka kujua kipimo cha maabara kilifanywaje, ningeanza na maabara na makala, kwa kuwa hapo sifa ndizo zinazowahusu wasikilizaji. Pale Kibaigwa waliokaa mbele yangu walikuwa na magunia. Daktari alipofika kwenye kipaza sauti, mzee mmoja wa benchi la pili alikuwa amekwisha kunyoosha mkono: "Chumvi yenyewe ni ya mawe au ya unga?"