Ripoti ya NECTA yafichua kwa nini jibu refu hukosa alama

Na Mwandishi Wetu

MWANAFUNZI wa kidato cha nne anayepita katika mitaa ya Mchafukoge na Kariakoo jijini Dar es Salaam hakosi kukutana na vijitabu vya mitihani iliyopita, vingine vikiwa vimechapwa pamoja na majibu. Majibu hayo mara nyingi huandikwa na walimu binafsi. Si ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na mnunuzi huwa hana njia ya kujua kama msahihishaji angeyakubali.

Kipo chanzo kingine ambacho hakiuzwi. Katika tovuti yake, NECTA huweka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali. Taarifa ya Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili, na ya masomo yanayotahiniwa kwa Kiingereza huandikwa kwa lugha hiyo. Humo mna swali lenyewe, maelezo ya lililotakiwa, sababu za watahiniwa kufaulu au kushindwa, na vielelezo vya majibu mazuri na mabaya kama yalivyoandikwa kwa mkono katika chumba cha mtihani. Vielelezo hivyo ndivyo vyenye thamani kubwa kuliko yote, ingawa wasomaji wengi huvipita haraka.

Chukua swali la fasihi la aina inayojirudia katika mtihani wa Kiswahili: mtahiniwa atakiwa kujadili nafasi ya mwanamke katika jamii kwa kutumia riwaya mbili, hoja tatu kwa kila riwaya. Tuseme amesoma Takadini cha Ben Hanson na Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo. Mtahiniwa wa kwanza aeleza kwa kurasa mbili jinsi Sekai alivyojifungua mtoto zeruzeru, alivyotoroka naye kijijini na shida alizopata njiani. Hakuna alichokosea kuhusu kitabu, ila hajajibu swali, amesimulia hadithi.

Wa pili aandika kwamba mwanamke ni jasiri mbele ya mila zinazodhuru, kisha atoa mfano wa Sekai kukataa mwanawe auawe kama desturi ilivyotaka, na kumalizia kwa kuonyesha jinsi tendo hilo linavyothibitisha ujasiri huo. Aya inayofuata yaanza na hoja nyingine: mwanamke ni mtafutaji riziki, kwa mfano wa Mama Ntilie anayeuza chakula ili kulisha familia huku mumewe, Lomolomo, akiendekeza ulevi. Aya zake ni fupi, lakini msahihishaji anaona hoja, mfano na uthibitisho bila kuvitafuta.

Swali hilo lina nafasi sita za kupata alama. Mtahiniwa aliyejaza ukurasa kwa riwaya moja tu amejifungia nje ya nusu ya nafasi hizo, hata akiandika kwa ufasaha kiasi gani. Katika taarifa za NECTA, kutoelewa matakwa ya swali ni sababu inayotajwa tena na tena, sambamba na upungufu wa maarifa ya mada.

Njia yenye faida ni kufanya kwanza mtihani wa mwaka mmoja kwa muda wake kamili, vitabu vikiwa vimefungwa, ndipo ifunguliwe taarifa ya mwaka huohuo. Anayeanza na taarifa hujidanganya, kwa kuwa kila jibu zuri huonekana rahisi baada ya kulisoma. Jibu lake liwekwe kando ya kielelezo kizuri na kibaya, kisha ajiulize limefanana na lipi. Mwenzake akimsahihishia itakuwa bora zaidi, kwani mwandishi husoma katika jibu lake hata yale aliyoyafikiri bila kuyaandika.

Sehemu moja ya taarifa huwapotosha wengi, nayo ni jedwali la rangi. Kijani humaanisha kufaulu vizuri, njano wastani, na nyekundu hafifu. Hata hivyo, kijani hutolewa pale asilimia 65 au zaidi ya watahiniwa wanapopata angalau asilimia 30 ya alama za swali. Katika swali la alama 15, hiyo ni alama 4.5 tu. Hivyo mada yenye kijani si lazima iwe imeeleweka. Pengine wengi wameambulia alama tano na kuishia hapo.

Aidha, taarifa hizi si mwongozo kamili wa usahihishaji, wala hazitabiri maswali yajayo. Muundo wa mtihani nao hubadilika, hivyo mtihani wa miaka mingi iliyopita unaweza kuwa na mgawanyo tofauti wa sehemu na alama. Fomati inayotumika hupatikana katika tovuti hiyohiyo ya NECTA, na inafaa isomwe kabla ya kununua kijitabu chochote mtaani.