Nisomee, Kubonyeza Nitabonyeza Mwenyewe

Mazungumzo haya ni mafupi, nayo yanahusu zile tarakimu nne mnazobonyeza kwenye simu ili pesa itoke. Wengi wenu mmeshawapa wajukuu, wasichana wa kazi, vijana wa jirani, au hata wakala wa mtaani. Hamkufanya hivyo kwa uzembe. Maandishi ya simu ni madogo, menyu inakatika kabla hamjamaliza kuisoma, na kijana mwenye macho makali amekaa hapo hapo. Msaada mnauhitaji kweli, na hakuna aibu katika kuuomba. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba msaada huo wote unaweza kupatikana bila namba ya siri kutoka mdomoni mwenu.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawakuambiwa siku walipofunguliwa akaunti: namba ya siri haihitajiki kila mara. Mwanao akikutumia pesa, inaingia yenyewe. Wewe hubonyezi chochote. Ukienda kwa wakala kuweka pesa, unampa fedha taslimu na namba yako ya simu, kisha unasubiri ujumbe wa kuthibitisha. Basi. Kwa hiyo mtu yeyote anayesema, "Mama, nitajie namba yako ya siri ili pesa iingie," anakudanganya, awe amekupigia simu au amesimama mbele yako.

Namba ya siri huulizwa pale pesa inapotoka: kutuma, kutoa, kulipia umeme, kununua muda wa maongezi kwa pesa iliyo kwenye simu. Huulizwa pia unapotaka kuangalia salio na unapokopa. Hata hapo anayeihitaji ni simu yako tu. Mteja wa M-Pesa ya Tanzania anayetaka kutoa pesa anapiga *150*00#, anachagua kutoa pesa, anaingiza namba ya wakala na kiasi, kisha namba yake ya siri. Kabla hajathibitisha huonyeshwa jina la wakala ili ahakikishe pesa inakwenda panapostahili. Wakala ana simu yake na namba yake ya siri. Ya kwako haimsaidii kufanya kazi yoyote ya halali.

Hasara huzidi salio

Mzee mwingine husema, "Kwenye simu yangu kuna elfu kumi tu, ataniibia nini?" Hapa ndipo penye hatari isiyoonekana. Chukulia mfano wa bibi mmoja ambaye mwanawe humtumia shilingi 100,000 kila mwisho wa mwezi. Macho yake ni mabovu, hivyo humpa kijana wa jirani simu pamoja na namba ya siri, akamtolee 50,000. Kijana anakwenda, anatoa 50,000 na kuzileta zote. Njiani, hata hivyo, anajitumia 15,000, kisha anafuta ujumbe wa muamala huo. Bibi akiuliza salio, kijana anajibu kwamba kampuni imekata makato. Bibi anajua makato yapo kweli, kwa hiyo anaridhika.

Baadaye kijana anaona huduma za mikopo. Kwenye M-Pesa ya Tanzania kuna Songesha, inayomwezesha mteja kukamilisha malipo hata kama salio halitoshi. Mitandao mingine nayo ina mikopo yake. Mkopo wa namna hii hauhitaji mdhamini wala fomu. Unahitaji simu na namba ya siri, na kijana anavyo vyote viwili. Anakopa 20,000 kwa jina la bibi. Mwisho wa mwezi mwana anatuma 100,000 kama kawaida, na deni pamoja na gharama zake linakatwa lenyewe kabla bibi hajagusa chochote. Mwana anapiga simu kuuliza kama laki moja imefika. Bibi anasomewa salio la pungufu ya 80,000, na kuanzia siku hiyo anamshuku mwanawe kwamba hutuma pungufu na kusema laki.

Mwizi amekaa jirani, lawama imekwenda Dar es Salaam.

Bibi akilalamika kwa kampuni, atakuta kumbukumbu zinaonyesha tarehe, saa, kiasi na namba iliyopokea pesa. Hazionyeshi ni kidole cha nani kilichobonyeza. Masharti ya huduma hizi humtaka mteja aitunze namba yake mwenyewe, na muamala uliothibitishwa kwa namba hiyo huhesabiwa kuwa ni wake. Ndiyo maana fedha zilizoondoka kwa njia hii ni vigumu mno kurudi.

Dalili za kuangalia ni chache na ziko wazi. Pesa imeingia lakini ujumbe wake haupo kwenye simu. Msaidizi anasema mara kwa mara kwamba mtandao umegoma na anataka kujaribu tena. "Makato" yanabadilika kila mwezi ilhali kiasi unachotoa ni kile kile. Au pesa inaingia na kupungua papo hapo, dalili kwamba kuna deni usilolijua. Ukiona mojawapo, nenda na kitambulisho kwenye duka la huduma la mtandao wako, uombe taarifa ya miamala ya simu yako, kisha usomewe na mtu asiyekuwa yule msaidizi wako wa kila siku.

Tenganisha msaada na siri

Sasa tuje kwenye msaada wenyewe. Jiulize kwanza: ninachokosa ni macho, miguu, au nguvu ya kusimamia pesa? Kila kimoja kina njia yake.

Kama ni macho, mwombe mtu akusomee. Mwache apige ile namba ya huduma, aingize namba ya wakala na kiasi, kisha akutamkie kilichoandikwa. Skrini ikidai namba ya siri, simu irudi mkononi mwako. Mwambie kwa upole, "Mjukuu wangu, nisomee, kubonyeza nitabonyeza mwenyewe." Ukimaliza, mrudishie akusomee ujumbe wa kuthibitisha.

Kwa simu ya vitufe unaweza kubonyeza bila kuona kabisa. Papasa kitufe cha 5 katikati: kwenye simu nyingi za vitufe kina kijinundu au kijistari kilichoinuka. Juu yake ni 2, chini yake ni 8, kushoto ni 4, kulia ni 6, na 0 iko chini ya 8. Fanya mazoezi nyumbani simu ikiwa imezimwa, mpaka kidole kizoee njia ya tarakimu zako nne. Kidole kikishazoea, hata kumbukumbu haisumbui sana. Ila usichague mstari ulionyooka wa 2580, wala 1234, wala mwaka wako wa kuzaliwa, maana hizo ndizo mtu hujaribu kwanza. Simu ya kugusa haina kijinundu hicho, kwa hiyo watoto wanaotaka kumnunulia mama simu kubwa ya kisasa wamuulize kwanza kama vidole vyake vitaijua.

Kama ni miguu, yaani huwezi kufika kwa wakala, shika kanuni hii: tuma kiasi, usitume simu. Unahitaji 20,000 za sokoni? Ukiwa kitandani kwako, tuma 20,000 kwenda kwenye namba ya yule kijana, kwa namba yako ya siri, kidole chako mwenyewe. Yeye ataitoa kwenye simu yake na kukuletea. Utalipa gharama ya kutuma, na umwongezee gharama ya kutolea. Huo ndio ubaya pekee wa njia hii. Lakini akikosa uaminifu, atakachoweza kupotea nacho ni zile 20,000 tu. Hana njia ya kufikia salio lililobaki, wala ya kukukopea. Watoto walio mbali nao wanaweza kutuma fedha ya matumizi moja kwa moja kwa msaidizi, kidogo kidogo, kisha wakampigia mzee kumwambia ni kiasi gani wametuma.

Kama ni maradhi, na mzee hawezi tena kusimamia pesa yake, basi njia ya haki ni ya benki. Kaunta ya benki hukuruhusu kutoa fedha kwa kitambulisho na saini au dole gumba, bila kadi wala namba ya siri. Benki pia inaweza kukufungulia akaunti ya pamoja na mwanao, au kupokea hati ya uwakili inayompa mtu unayemwamini mamlaka ya kutoa fedha kwa niaba yako. Tofauti yake na kugawa namba ya siri ni kubwa: hapa msaidizi anatia saini yake mwenyewe, na kila alichokichukua kinaandikwa kwa jina lake. Pensheni na akiba viache huko benki, na kwenye simu weka matumizi ya wiki tu. Kadi ya kutolea fedha kwenye mashine nayo isiazimishwe, kwa sababu hizo hizo.

Kama umeshaitoa

Ikiwa kuna mtu anaijua namba yako, ibadilishe leo. Kwenye menyu ya huduma yako, tafuta sehemu ya akaunti yangu, kisha kubadili namba ya siri. Utaulizwa ya zamani mara moja na mpya mara mbili, na zote uziingize mwenyewe. Ukiwa umeisahau, nenda duka la huduma na kitambulisho chako cha NIDA, upewe nafasi ya kuweka nyingine. Usiiandike nyuma ya simu, ndani ya kava, au kwenye orodha ya majina ya simu, mahali ambapo vijana hutazama kwanza.

Ukiwa na kitambulisho mkononi, piga pia *106#. Itakuonyesha namba za simu zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Baadhi ya wazee huombwa kuweka kidole tena kwa madai kwamba cha kwanza hakikusoma, na laini ya pili ikasajiliwa kwa majina yao. Ukikuta namba usiyoitambua, kaieleze dukani ifungwe. Ujumbe wa kitapeli unaodai namba yako ya siri usijibu. Mwombe msaidizi akusaidie kuripoti kwenda 15040.

Na ninyi watoto na wajukuu, kataeni kuambiwa. Mama akianza kuitaja namba yake, mkatizeni kwa heshima, mmpe simu aibonyeze mwenyewe. Hilo linawalinda na ninyi pia, kwa kuwa siku pesa ikipotea, asiyeijua namba hatashukiwa. Mkimtembelea mwisho wa juma hili, kaeni naye, abadilishe namba yake ya siri, nanyi mgeuze uso pembeni wakati anabonyeza.